Kupanga chaneli ya YouTube kwa makundi ya mada: dhana potofu na ukweli

Tuchukue chaneli moja inayohusu cherehani, yenye video 40, nikiitumia kama mfano tangu mwanzo hadi mwisho. Mada yake kuu ni ushonaji wa nyumbani, na kundi ninalotaka kulitazama kwa karibu ni la video 6 zinazoeleza hitilafu za cherehani.

Dhana: Kichwa kikirudia neno kuu la chaneli katika kila video, mada huimarika.

Mwenye chaneli hii aliziita video zake "Mafunzo ya cherehani 1", "Mafunzo ya cherehani 2", na kuendelea hivyo hivyo. Neno kuu lipo kila mahali, lakini mtu ambaye uzi wake unakatika kila baada ya mishono michache hawezi kujua kama jibu lake limo katika ya 2 au ya 5, na vichwa vyenyewe vinagombania utafutaji uleule. Kichwa chenye nguvu hutaja tatizo kwa maneno ambayo mwenye tatizo angeyaandika mwenyewe: "Cherehani inaruka mishono: angalia sindano kwanza", "Uzi unajikusanya chini ya kitambaa", "Kwa nini uzi wa juu unakatika". Neno "cherehani" halihitaji kuwamo katika vyote, kwa kuwa undugu wa video hizi unatokana na kumhudumia mtu yuleyule, aliyekaa mbele ya mashine iliyogoma. Kichwa kinaruhusiwa kufika herufi 100, ila kwenye simu mwisho wake mara nyingi hukatwa, kwa hiyo tatizo litajwe mwanzoni.

Dhana: Orodha ya kucheza ni kabati la kuhifadhia video.

Hili ndilo kosa ninalolisikitikia zaidi, kwa sababu linapoteza kazi iliyokwisha kufanyika. Orodha iitwayo "Video zangu zote" haimpeleki mtazamaji popote. Orodha iitwayo "Hitilafu za cherehani na marekebisho yake" ina jina linaloweza kutafutwa na sehemu yake ya maelezo, na zaidi ya yote ina mpangilio. Usiache mpangilio huo ufuate tarehe za kupakia, bali ufuate jinsi fundi anavyokagua mashine: sindano kwanza, kisha njia ya uzi wa juu, kisha bobini, na mwisho ndoano inayohitaji kufungua mashine. Mtazamaji akimaliza ya kwanza bila kupona, inayofuata ndiyo hatua yake inayofuata.

Kuna jambo dogo ambalo wengi hulipita. Unapompa mtu kiungo cha video, kiungo chenye sehemu ya `&list=` humfungulia video hiyo ikiwa ndani ya orodha, ilhali kisicho nayo humfungulia video peke yake.

Wapo pia wanaoamini kwamba video haiwezi kukaa katika orodha mbili. Inaweza, isipokuwa pale orodha zote mbili zimewekwa kuwa mfululizo rasmi. Video ya kushona kitambaa kinachovutika, ambacho kwa sindano ya kawaida huruka mishono, ina haki ya kuwamo kwenye orodha ya hitilafu na kwenye orodha ya vitambaa.

Dhana: Maelezo ni mahali pa kumwaga maneno ya utafutaji.

Nafasi ya herufi 5,000 huwashawishi watu kubandika mistari ya maneno matupu. Kanuni za YouTube zinakataza kurundika lebo ndani ya maelezo, na hashtagi zikizidi 60 zote hupuuzwa. Sentensi mbili za kwanza ndizo zinazoonekana kabla mtazamaji hajafungua maelezo yote, kwa hiyo zibebe jambo lenyewe. Kwa video ya uzi unaojikusanya chini, ningeandika hivi: "Fundo likionekana chini ya kitambaa, mara nyingi kosa liko kwa uzi wa juu uliopitishwa mguu ukiwa umeshushwa, hivyo haukuingia kwenye visahani vya mkazo. Inua mguu, upitishe uzi upya, kisha jaribu." Chini yake kiungo kimoja cha video ya bobini, kwa atakayeona fundo bado lipo, na kiungo cha orodha nzima. Aya moja iliyonakiliwa katika video zote 40 haielezi hata moja kati yake.

Dhana: Ukishapanga makundi, mfumo utaitambua chaneli na kuisambaza.

Mapendekezo hufuata zaidi tabia ya watazamaji kuliko mpangilio wa rafu zako. Kwa hiyo pima kwa tabia hiyo. Katika YouTube Studio, fungua vyanzo vya watazamaji vya video moja, kisha sehemu ya video zinazopendekezwa. Ukiona video ya sindano inaleta watu kwenye video ya njia ya uzi, kundi linafanya kazi. Ikiwa wanaoingia wanatoka chaneli za wengine tu, na chanzo cha orodha za kucheza ni kitupu, basi video hizo ni jirani kwa jina tu. Rudi uangalie kama kweli swali la pili huzaliwa na jibu la kwanza.