Kikundi cha Matangazo cha Mada Moja, na Wakati wa Kuigawa Kampeni

Katika Google Ads, akaunti hugawanyika katika kampeni, kampeni hugawanyika katika vikundi vya matangazo, na ndani ya kila kikundi hukaa maneno muhimu pamoja na matangazo yanayoonyeshwa mtu anapotafuta maneno hayo. Bajeti ya siku, maeneo yanayolengwa na mkakati wa zabuni, yaani namna ya kuamua utalipa kiasi gani kwa mbofyo, huwekwa kwenye kampeni, ilhali maneno, matangazo na ukurasa anaopelekwa mteja huwekwa kwenye kikundi. Mgawanyo huu wa majukumu ndio msingi wa uamuzi wote unaofuata: kikundi kipya hufunguliwa pale ambapo tangazo linapaswa kubadilika, na kampeni mpya hufunguliwa pale ambapo fedha au eneo linapaswa kubadilika.

Kikundi cha mada, basi, ni mkusanyiko wa maneno ambayo tangazo moja na ukurasa mmoja vinaweza kuyajibu yote kwa ukweli. Tuchukue muuzaji wa cherehani mwenye shughuli tatu: anauza mashine mpya, anauza vipuri, na anatengeneza mashine zilizoharibika. Maneno kama «bei ya cherehani» na «nunua cherehani ya umeme» yanaweza kukaa pamoja ikiwa ukurasa unaofunguka unaonyesha mashine zote pamoja na bei zake. Neno «sindano za cherehani» haliwezi kukaa humo, kwa kuwa anayelitafuta ana mashine tayari, na tangazo la mashine mpya halimsaidii. Tangazo la maandishi la sasa hupokea hadi vichwa 15 vyenye herufi 30 kila kimoja na maelezo 4 yenye herufi 90, na mfumo huchagua vipi vionyeshwe pamoja. Nafasi hiyo inatosha kubeba tofauti ndogo za maneno, kwa hiyo hakuna haja ya kufungua kikundi kwa kila neno kama ilivyokuwa desturi zamani. Ukijikuta unanakili tangazo lilelile kutoka kikundi kimoja hadi kingine bila kubadilisha chochote cha maana, vikundi hivyo ni mada moja.

Kasoro ya upande wa pili huonekana kwenye ripoti ya maneno yaliyotafutwa. Ikiwa kikundi cha utengenezaji kinapokea watu walioandika «fundi cherehani», wengi wao wanatafuta mshonaji wa nguo, si mtu wa kurekebisha mashine. Dawa hapa ni kuliongeza neno hilo kwenye orodha ya maneno ya kuzuia. Lakini ikiwa kikundi hicho kinapokea watafutaji wengi wa mikanda na mota, hao ni wateja halali waliofika mahali pasipowafaa, na wanastahili kuhamishiwa kwenye kikundi cha vipuri chenye tangazo lao.

Mgawanyo wa kimkoa ndio ulio na sababu iliyo wazi zaidi. Muuzaji wetu anaweza kusafirisha mashine na vipuri nchi nzima, lakini anatengeneza mashine katika mkoa mmoja tu. Kwa kuwa eneo huwekwa kwenye kampeni, huduma ya utengenezaji lazima iwe na kampeni yake inayolenga mkoa huo, la sivyo atawalipia watu asioweza kuwahudumia. Katika kampeni hiyo aangalie pia chaguo la eneo, kwa sababu mpangilio wa kawaida hujumuisha watu walioonyesha kuvutiwa na mkoa hata kama wako mbali. Afadhali achague wale waliopo mkoani au wanaokuwepo humo mara kwa mara. Kwa upande wa mashine na vipuri, kuona kwamba mkoa mmoja unanunua zaidi kuliko mwingine hakutoshi kuwa sababu ya kugawa, maana ripoti huonyesha matokeo ya kila mkoa ndani ya kampeni ileile. Sababu ingekuwepo kama bei, lugha ya tangazo au bajeti ingekuwa tofauti.

Suala la kifaa linahitaji subira zaidi, kwa sababu takwimu zake hupotosha kwa urahisi. Tuseme katika mwezi mmoja kampeni ya mashine ilipata mibofyo 2,000 ya simu iliyoleta oda 40, na mibofyo 1,000 ya kompyuta iliyoleta oda 30. Simu inaleta oda 2 kwa kila mibofyo 100, kompyuta 3, na wengi wangeamua papo hapo kutenganisha vifaa na kuipunguzia simu fedha. Hata hivyo, ikiwa mbofyo wa simu unagharimu theluthi mbili ya mbofyo wa kompyuta, gharama ya oda moja ni sawa kabisa pande zote mbili. Kinachopaswa kulinganishwa ni gharama ya oda, na hapa hakuna kitu cha kutenganisha.

Hata tofauti inapokuwepo kweli, mara nyingi marekebisho ya zabuni ya kifaa yanatosha. Kwa zabuni za mkono, kila kifaa hupandishwa au kushushwa kwa asilimia ndani ya kampeni ileile. Chini ya zabuni za kiotomatiki zenye lengo la gharama ya oda, marekebisho hayo hubadilisha lengo lenyewe kwa kifaa hicho, na -100% hukiondoa kifaa kabisa. Kampeni ya simu pekee ina maana pale ambapo unachotaka ni tofauti, kwa mfano kupigiwa simu na mwenye mashine iliyokwama, na ungependa jambo hilo liwe na bajeti yake.

Kabla ya kugawa, hesabu kitakachobaki. Oda 70 zikigawanywa kwa mikoa miwili, vifaa viwili na aina tatu za ulinganishaji, yaani kiwango ambacho neno lako linapaswa kukaribiana na lililotafutwa, huenea katika kampeni 12, wastani wa oda zisizofika 6 kwa kila moja. Wengi katika kazi hii huchukua oda 30 ndani ya siku 30 kuwa kiwango cha chini kinachofaa kwa zabuni za kiotomatiki zenye lengo. Kwa oda 6, zikiongezeka 2 au zikipungua 2, mwenye kampeni hawezi kujua kama ni mabadiliko ya kweli au ni bahati.

Aina za ulinganishaji, yaani mpana, wa kifungu na kamili, huandikwa hivi:

```
tengeneza cherehani
"tengeneza cherehani"
[tengeneza cherehani]
```

Enzi za zabuni za mkono, kuzitenganisha kulimpa mtu udhibiti wa bei ya kila aina. Siku hizi hata ulinganishaji kamili hukubali maneno mengine yenye maana ileile, na mada moja ikigawanywa mara tatu huzaa matangazo matatu yanayofanana. Sababu moja bado inasimama: kujaribu ulinganishaji mpana kwa bajeti yenye kikomo, ili usile fedha za maneno yaliyokwisha kuthibitika. Kwa kawaida neno la ulinganishaji kamili lililo sawasawa na lililotafutwa hupewa kipaumbele, lakini kampeni yake ikibanwa na bajeti kipaumbele hicho hakihakikishwi, na utafutaji huo unaweza kuhamia kampeni ya majaribio. Utalitambua hilo ukiona utafutaji uleule katika ripoti za kampeni zote mbili. Hapo iongezee bajeti kampeni ya maneno kamili, kisha yazuie maneno hayo, kwa ulinganishaji kamili, ndani ya kampeni ya majaribio.