“Endelea” wapi? Dhana potofu kuhusu maneno ya ukurasa wa oda

Mteja aliyefika kwenye ukurasa wa oda hahitaji tena kushawishiwa kuhusu bidhaa. Ameshaichagua na kuitia kikapuni. Kuanzia hapo anasoma maneno machache mno: majina ya visanduku vya kujaza, maelezo ya mstari mmoja, na maandishi ya vitufe. Baadhi ya wanaoachia njiani huachia kwa sababu maneno hayo hayakuwajibu swali walilokuwa nalo wakati ule.

Dhana: “Endelea” ni neno salama, linafaa kila hatua

Chukua ukurasa wa oda wenye hatua nne: kikapu, anwani, malipo, kisha kuhakiki. Chini ya kila hatua kuna kitufe kimoja, nacho kimeandikwa “Endelea”. Hatua ya kwanza na ya pili mteja anabonyeza bila wasiwasi. Akifika ya tatu, akiwa ameshaandika namba ya kadi yake, anakutana na “Endelea” ileile, na hapo kidole kinasita. Akibonyeza, pesa inakatwa papo hapo au ataonyeshwa jumla kwanza? Hakuna kitu kwenye ukurasa kinachomjibu. Mmoja atarudi kikapuni kuhakikisha jumla, mwingine atafunga ukurasa akisema atarudi baadaye.

Ukweli ni kwamba kitufe kinatakiwa kutaja kitakachotokea kikibonyezwa. Katika mfano huu, cha kwanza kiwe “Weka anwani”, cha pili “Chagua malipo”, cha tatu “Hakiki oda”, na cha mwisho “Lipa sasa”, ikiwezekana na jumla yenyewe ndani ya kitufe. Karibu na “Hakiki oda” ongeza mstari mmoja mdogo: “Hutakatwa pesa bado.” Maneno hayo matatu yanajibu swali lote la yule aliyesita. Ila yawe ya kweli. Kama mfumo wako unakata pesa kwenye hatua hiyo, badilisha kwanza mfumo, au andika wazi kwamba hapo ndipo pa kulipia.

Kuna kipimo chepesi ninachokiamini: soma kitufe kama mteja angekitamka baada ya neno “nataka”. “Nataka kuhakiki oda”, sawa. “Nataka kulipa sasa”, sawa. “Nataka kuwasilisha”? Hakuna mnunuzi anayewaza hivyo. “Wasilisha” ni lugha ya kompyuta inayopokea fomu. Hata “Submit”, neno la Kiingereza tulilolitafsiri, mara nyingi halikuchaguliwa na mtu: kitufe cha kutuma fomu kisipopewa maandishi, kivinjari hukiwekea yake.

Kwenye kitufe cha mwisho, suala linaweza kuwa la kisheria pia. Katika Umoja wa Ulaya, Agizo la 2011/83/EU, kifungu cha 8, linataka kitufe cha kuagiza kionyeshe bila utata kwamba kukibonyeza kunaleta wajibu wa kulipa. Kisipofanya hivyo, mnunuzi hafungwi na oda ile. Mwaka 2022 mahakama ya juu ya umoja huo iliulizwa kuhusu kitufe cha kukamilisha nafasi ya hoteli, ikajibu kwamba kinachoangaliwa ni maneno ya kitufe chenyewe, si maelezo yaliyokizunguka.

Dhana: mteja ajisajili kwanza, ndiyo tutamjua

Kisa kinachojulikana zaidi katika kazi hii kilisimuliwa mwaka 2009 na Jared Spool, mtafiti wa matumizi ya tovuti. Duka moja kubwa, ambalo hakulitaja, lilikuwa limeweka fomu ndogo kati ya kikapu na malipo: kisanduku cha barua pepe, kisanduku cha nenosiri, kitufe cha kuingia na kitufe cha kujisajili. Wenye duka waliamini wateja wa zamani wataipenda kwa kuwa itawaokolea muda. Utafiti ulionyesha kinyume. Wageni walichukizwa kwa kuwa walikuja kununua, si kuanzisha uhusiano. Wateja wa zamani hawakukumbuka walitumia barua pepe ipi wala nenosiri gani, na wengi wao walikuwa na akaunti zaidi ya moja.

Marekebisho yalikuwa ya maneno kwa sehemu kubwa. “Jisajili” iliondolewa, ikawekwa “Endelea”, pamoja na ujumbe mfupi: huhitaji akaunti ili kununua hapa, na ukitaka unaweza kufungua moja wakati wa kulipa ili safari ijayo iwe ya haraka. Kwa maelezo ya Spool, idadi ya waliokamilisha ununuzi iliongezeka kwa asilimia 45, na mapato ya mwaka wa kwanza yakapanda kwa dola milioni 300.

Tazama kwamba hapa “Endelea” ilifaa, kwa sababu ujumbe uliokuwa pembeni yake ulisema mtu anaendelea kwenda wapi. Na neno peke yake lisingetosha: mfumo ulikubali kweli kuuza bila akaunti.

Dhana: maandishi ya kijivu ndani ya kisanduku yanatosha

Yanapendwa kwa sababu ukurasa unaonekana safi. Lakini mtu akianza kuandika yanapotea, na akitupia macho fomu kabla ya kulipa hawezi kujua kisanduku kile kilikuwa cha nini. Wengine hudhani kimeshajazwa, wakakiruka. Lebo ikae juu ya kisanduku muda wote.

Maelezo nayo yawe nje, hasa pale unapoomba kitu ambacho mteja haoni sababu yake. Namba ya simu ndiyo inayozua shaka zaidi, maana watu wamechoka kutumiwa matangazo:

```html
<label for="simu">Namba ya simu</label>
<p id="sababu">Msafirishaji atakupigia akifika.
Hatutaitumia kwa matangazo.</p>
<input id="simu" type="tel"
  autocomplete="tel" aria-describedby="sababu">
```

Hilo `aria-describedby` linaunganisha maelezo na kisanduku, ili programu inayomsomea asiyeona iyatamke pia.

Kisanduku cha kuponi kina shida tofauti: kikiwa wazi na kikubwa, kinamkumbusha asiye na kuponi kwamba wengine wanalipa pungufu, naye anatoka kwenda kuitafuta. Kifiche nyuma ya kiungo kidogo, “Una kuponi?”

Dhana: kitufe kikishabonyezwa, maneno yamemaliza kazi

Hapa ndipo nimeona oda nyingi zikipotea. “Taarifa si sahihi” juu ya ukurasa haimwambii mtu ni taarifa ipi. Ujumbe wa kosa ukae kando ya kisanduku husika na useme cha kufanya: “Namba ya kadi imepungukiwa tarakimu. Iangalie tena.” Kadi ikikataliwa, andika kwanza kuhusu pesa kama una uhakika: “Malipo hayajapita, na hujakatwa kitu. Jaribu kadi nyingine.” Alichokijaza kibaki palepale, asianze upya.

Sekunde za kusubiri nazo zina maneno yake. Kitufe kikibaki “Lipa sasa” wakati malipo yanashughulikiwa, mteja atakibonyeza tena. Kibadilike mara moja kuwa “Tunashughulikia malipo…” na kizimwe, huku mfumo nao ukikataa ombi la pili la oda ileile. Kama anatakiwa kuthibitisha kwa namba ya siri kwenye simu, mwambie: “Angalia simu yako, weka namba ya siri.” Wateja wakipiga kuuliza “nimelipa au bado?”, anza kutafuta tatizo kwenye maneno ya hapo.