Mtaimbo mmoja, madaraja mawili

Kuna mwanafunzi nilimkosesha alama mbili zilizokuwa haki yake. Nilikuwa nimewaambia wachore mtaimbo unaoinua jiwe, kisha waandike ni wenzo wa daraja la ngapi. Mimi kichwani nilikuwa na jibu moja tu, daraja la kwanza. Yeye akaandika la pili. Nikampiga kosa kwa kalamu nyekundu, nikafungua daftari lililofuata.

Jumamosi nikapanda Kibosho kwa baba mdogo. Mvua ilikuwa imeporomosha jiwe, limeziba mfereji unaoleta maji kwenye migomba, na vijana wawili walikuwa wakihangaika nalo. Wa kwanza aliweka kijiwe karibu na lile kubwa, akapitisha mtaimbo juu yake mpaka ncha ikaingia chini ya jiwe, akakandamiza mpini kuelekea chini. Alipochoka, mwenzake akaupokea. Yeye kijiwe hakukihitaji. Alichomeka ncha chini ya jiwe mpaka ikagota ardhini upande wa ndani, akanyanyua mpini kuelekea juu. Chombo kilekile, jiwe lilelile. Nikalikumbuka lile daftari.

Daraja la wenzo halitokani na jina la chombo. Linatokana na kitu kilichokaa katikati kati ya vitatu: egemeo, yaani pale wenzo unapogeukia, mzigo, na jitihada, yaani nguvu ya mkono wako. Egemeo likiwa katikati, ni daraja la kwanza. Mzigo ukiwa katikati ni la pili, kama toroli, ambalo gurudumu ndilo egemeo lake. Jitihada ikiwa katikati ni la tatu, kama koleo la kushikia kaa la moto: unabana katikati, kaa liko nchani. Kijana wa kwanza alikuwa na kijiwe katikati. Wa pili alikuwa na jiwe lenyewe katikati, kwa sababu egemeo lake lilikuwa ncha iliyogota ardhini.

Kwenye mchoro, wengi hukosea kwa kuanza na mzigo kwa kuwa ndio unaoonekana. Anza na egemeo. Jiulize ni sehemu gani ya chombo inabaki pale pale wakati nyingine zote zinasogea, uweke pembetatu hapo. Mishale nayo inakuhakikishia: kwa mtaimbo unaoinua jiwe, mkono ukienda chini jiwe likapanda, ni la kwanza, vikipanda pamoja, si la kwanza.

Sasa, ni yupi aliyetumia nguvu kidogo? Tuseme jiwe lina kilo 200. Ukiinua upande mmoja tu, nusu ya uzito inabaki ardhini, kwa hiyo mtaimbo unabeba kama kilo 100. Mtaimbo una urefu wa sentimita 150, na kutoka kwenye egemeo hadi kwenye mzigo ni sentimita 25 kwa vijana wote wawili. Wa kwanza amebakiwa na sentimita 125 upande wake: 100 × 25 ÷ 125, anakandamiza kwa kilo 20. Wa pili anahesabu mtaimbo mzima kuanzia nchani: 100 × 25 ÷ 150, karibu kilo 17. Kwa hesabu hii, daraja la pili limeshinda.

Lakini mtaimbo ni chuma, tuseme wa kilo 8, na uzito wake uko katikati yake, sentimita 75 kutoka nchani. Kwa kijana wa kwanza uzito huo uko upande wa mkono wake, unamsaidia kukandamiza, kwa hiyo kilo 20 zinashuka hadi 17 hivi. Wa pili inabidi aunyanyue na wenyewe, na zake zinapanda hadi karibu 21. Mambo yamegeuka. Tena wa kwanza anaweza kuulalia mpini kwa uzito wa mwili wake. Wa pili anaumiza kiuno.

Hata hivyo wa kwanza ana shida yake. Kijiwe chake kinabeba jiwe, mtaimbo na mkono kwa pamoja, karibu kilo 125, na udongo wa kando ya mfereji ulikuwa umelowa. Kila alipokandamiza, kijiwe kilizama na jiwe halikuinuka. Baba mdogo alikuwa kimya muda wote huo. Akaenda kuleta kipande cha ubao, akakilaza chini ya kile kijiwe, akasema, "Mwalimu, sogea kidogo, utakanyagwa." Jiwe likabiringika.

Jumatatu nilimrudishia yule mwanafunzi alama zake mbili. Mchoro wake niliutazama tena: pembetatu aliiweka kwenye ncha, ardhini, na mshale wa mkono ulielekea juu. Alichosahau ni mshale wa uzito wa mtaimbo, na huo nilikuwa sijawahi kuwafundisha.