Mapigo 56 kifundoni, 82 kifuani: lini nazuia digoksini

Nimekuwa muuguzi wa wodi ya wanawake kwa miaka kadhaa, na mgonjwa mmoja ndiye aliyenifundisha zaidi kuhusu mapigo ya moyo na dawa za asubuhi. Alikuwa mama wa makamo ambaye vali yake ya moyo ilikuwa imekaza kutokana na homa ya rumatizimu ya utotoni. Vyumba vya juu vya moyo wake vilikuwa vikitetemeka tu badala ya kudunda, kwa hiyo mapigo yake hayakuwa na mpangilio wowote. Kupunguza kasi ya moyo alitumia digoksini miligramu 0.25 kwa siku na atenololi miligramu 25, pamoja na furosemaidi ya kupunguza maji.

Asubuhi ya kwanza mwanafunzi wetu alimpima kwa kile kifaa cha kidoleni, kikasoma 54. Akashika kifundo cha mkono akahesabu 56. Akaja kuniambia, "Sista, mama wa kitanda cha sita simpi digoksini, mapigo yako chini ya 60." Kiwango alichokitaja ni sahihi: kwa mtu mzima, chini ya 60 tunazuia digoksini na kumwita daktari. Alichokosea ni mahali pa kuhesabia.

Tulirudi naye kitandani. Niliweka stetoskopu upande wa kushoto wa kifua, kwenye nafasi ya tano kati ya mbavu, usawa wa katikati ya mtulinga. Mgonjwa mwenye moyo uliopanuka hutakuta mdundo hapo. Itabidi usogee kuelekea kwapa hadi uusikie vizuri. Tukahesabu dakika nzima kwa saa ya ukutani, tukapata 82. Mapigo 26 hayakuwa yakifika mkononi. Moyo usio na mpangilio hupiga mara nyingine kabla haujajaa, damu inayosukumwa ni kidogo, na wimbi lake hufia njiani. Ndiyo maana kwa digoksini nahesabu kifuani, na sihesabu sekunde 15 nikazidisha kwa nne: kwa moyo wa namna hii, robo dakika moja na inayofuata hazifanani. Mama alipewa dawa zake zote.

Siku tano baadaye nilikuwa zamu ya asubuhi. Uji wake ulikuwa umebaki kikombeni. "Mwanangu, tangu jana chakula kinanichefua," akaniambia. Nikahesabu kifuani: 48. Lakini kilichonishtua kuliko hiyo namba ni kwamba mapigo yalikuwa yamenyooka, moja baada ya jingine kama saa. Ukimjua mgonjwa kuwa mapigo yake ni ya ovyo, kisha siku moja ukayakuta yamepangika na ya polepole, usiandike kwamba amepata nafuu. Huenda digoksini imezidi na kuziba njia ya umeme kati ya vyumba vya juu na vya chini, na vya chini vimeanza kujipigia vyenyewe. Kwa hiyo pamoja na namba, andika kila siku kama mapigo yamepangika au la.

Sikumpa digoksini wala atenololi, maana zote mbili hupunguza kasi ya umeme pale pale. Shinikizo la damu lilikuwa 92 kwa 60. Nikampigia daktari wa zamu: mapigo ya kifuani 48, yamepangika ilhali jana hayakuwa, shinikizo hilo, kichefuchefu tangu jana, yuko kwenye furosemaidi, dozi mbili nimezizuia. Akaagiza kipimo cha umeme wa moyo, potasiamu, na kriatinini ya kuonyesha hali ya figo. Umeme ulionyesha njia imeziba kabisa. Potasiamu ilikuwa 2.9: furosemaidi ilikuwa imeitoa kwenye mkojo, na potasiamu ikipungua, digoksini huushika moyo kwa nguvu zaidi hata kama dozi haijabadilika. Kriatinini ilikuwa imepanda, na figo ndizo zinazoitoa digoksini mwilini.

Kuchelewesha dozi moja ya digoksini hakumwachi mgonjwa bila dawa. Kwa mwenye figo nzima, nusu yake hubaki mwilini baada ya siku moja na nusu hivi. Atenololi na ndugu zake wa bita bloka ni tofauti: ukizikatisha ghafla, moyo unaweza kukurupuka, na mwenye mishipa ya moyo iliyoziba anaweza kupata maumivu ya kifua. Mapigo yakiwa chini ya 50, au namba ya juu ya shinikizo la damu ni chini ya 90, au mgonjwa ana kizunguzungu au anakoroma kifuani kama mwenye pumu, nazuia dozi hiyo ya bita bloka na kupiga simu papo hapo. Mwenye mapigo 55 na anajisikia vizuri, nauliza kabla ya kuzuia, maana kwa wengine hicho ndicho kiwango daktari anachokitaka.

Mama huyu alirudishiwa potasiamu, na siku ya tatu mapigo yakawa 74, ya ovyo kama zamani. Digoksini ilirudi kwa nusu dozi. Kwenye faili daktari aliandika kwa mkono wake: hesabu kifuani dakika nzima, chini ya 60, au yakinyooka, usimpe, niite.