Je, wajua kwa nini msafara huchelewa kuliko gari lake la polepole zaidi?

"Tulitoka Changamwe kupeleka mahari Voi: pikapu yenye trela, matatu ya kina mama na magari madogo mawili. Pikapu na trela lake ikienda peke yake hufika kwa masaa matatu. Matatu pia masaa matatu. Gari dogo, mawili tu. Hakuna lililoharibika njiani. Mbona kwa pamoja tumetumia masaa manne?"

Kwa sababu gari la polepole zaidi halikuwa lile lile njia nzima. Kila kipande cha safari kina mzito wake, na msafara humngoja kila mzito kwa zamu yake. Pikapu ina pahala pake pa kuchelewa na matatu ina pake. Gari likienda peke yake hubeba uzito wake tu. Likiingia msafarani hubeba na wa wenzake.

Tuichukue safari hiyo hiyo. Changamwe hadi Voi tuhesabu kilomita 150, tuzikate vipande vitatu: 30 za kwanza hadi Mariakani, kisha 90 hadi Maungu, kisha 30 za mwisho kuingia Voi.

Kipande cha kwanza ni cha malori, matuta na mlima wa Mazeras. Pikapu yenye trela hukitembea kwa dakika 50. Matatu ingekuwa mbele yake, lakini ina wazee wa kuwachukua Miritini na mafuta ya kutia, basi kwake ni dakika 60. Gari dogo hutumia 40. Kwa hivyo hapa mzito ni matatu, wala si trela.

Kipande cha pili barabara hunyooka kupitia Samburu, Taru na Mackinnon Road. Trela likienda kilomita 60 kwa saa, kilomita 90 ni saa moja na nusu. Matatu ina spidi gavana ya 80, hutumia dakika 68. Gari dogo likishika 90, ni saa moja. Hapa mzito ni trela.

Kisha kuna kusimama. Dereva wa trela husimama dakika 10 kukagua kamba, magurudumu na ndoano. Matatu husimama nusu saa Mackinnon Road, penye msikiti ule wenye kaburi la Sayyid Baghali ambapo wasafiri wengi hupenda kutua, waswali na waende msalani. Kipande cha mwisho trela hutumia dakika 30, matatu 22, gari dogo 20.

Ukijumlisha kila gari peke yake, trela ni 50 na 90 na 10 na 30, yaani dakika 180. Matatu ni 60 na 68 na 30 na 22, nayo ni 180. Gari dogo ni 120. Hesabu yako ilikuwa sahihi kwa kila mmoja.

Sasa yafunge pamoja. Kipande cha kwanza mnachukua dakika 60 za matatu. Mkifika Mariakani mmeshatawanyika kwa malori, mnangojana dakika 15 mpaka wote waonekane. Kipande cha pili mnachukua 90 za trela. Kituo cha nusu saa kinakuwa dakika 45, maana sasa si abiria wa matatu pekee. Ni wa magari manne, na hakuna anayeondoka mpaka wa mwisho ametoka msalani. Cha mwisho, 30 za trela. Jumla 240. Hayo ndiyo masaa yako manne.

Angalia ile saa moja iliyozidi juu ya mwendo wa pikapu ilitoka wapi. Dakika 10 ni za Miritini, 15 za kungojana Mariakani, 35 za kituo. Hata dakika moja haikutokana na trela kutembea polepole, kwa sababu mwendo wa trela ulikuwa umeshahesabiwa ndani ya yale masaa matatu. Mimi huvuta trela la mahema na viti vya harusi, na lawama hii nimeipokea mara nyingi. Kila anayefika amechoka humtazama mwenye trela, ilhali saa ilipotelea kwenye kusimama.

Kile kungojana kwa Mariakani kuna chanzo chake, nacho kinafaa kueleweka. Msafara una kichwa na mkia. Kichwa kikivuka tuta huongeza mwendo papo hapo, na mkia bado uko nyuma ya tuta unatambaa. Nafasi inafunguka. Lori likijipenyeza katikati, nafasi inazidi. Sema mkia umeachwa kilomita moja na kichwa kinaenda 60. Matatu ikishika 80 yake, inapunguza nafasi kwa kilomita 20 kila saa. Kilomita moja itaimaliza kwa dakika 3, imeshatembea kilomita 4. Ikishika 70, ni dakika 6 na kilomita 7. Lakini ikiwa aliye mkiani ni trela, mwendo wake wa juu ni ule ule 60 wa kichwa. Hatawakuta kamwe, mpaka wasimame wamngoje. Ndiyo maana trela huwekwa mbele, si nyuma. Watu wengi hufanya kinyume, gari jipya la mwenye shughuli linatangulia kwa heshima, na trela linafuata mwisho kwa kuwa ni mzigo.

Utauliza, basi si trela liongeze mwendo? Fanya hesabu kwanza. Vile vipande viwili vya mwisho ni kilomita 120. Kwa 60 ni dakika 120. Kwa 70 ni dakika 103. Unapata dakika 17, chini ya nusu ya zile 35 zilizopotea kituoni. Na bei ya hizo 17 ni kubwa. Trela huanza kuyumba kushoto na kulia mwendo ukizidi, hasa kama mzigo mzito umewekwa nyuma ya ekseli na pua ya trela ikawa nyepesi. Trela la kilo 800 linatakiwa liegemeze kama kilo 80 hivi juu ya ndoano, sehemu moja ya kumi. Utajua uzito huo umepungua ukiona nyuma ya pikapu imekuwa nyepesi, na upepo wa basi linalopishana nawe unalitingisha trela mara mbili tatu kabla halijatulia. Likianza kuyumba, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani sawa na uache mwendo ushuke wenyewe. Ukikanyaga breki kwa nguvu, trela husukuma nyuma ya pikapu na huweza kuikunja njiani. Ukifuatana na kuyumba kwa usukani, unakuzidisha. Masufuria ya pilau na vyuma vya hema vikae mbele na juu ya ekseli, viti vya plastiki ndivyo vikae nyuma.

Kuna mzito mwingine ambaye si wenu kabisa: lori la makontena lililotangulia. Trela la 60 likitaka kulipita lori linaloenda 50, linalipita kwa tofauti ya kilomita 10 kwa saa, chini ya mita 3 kwa sekunde. Jumlisha urefu wa lori, urefu wa pikapu na trela, na nafasi ya usalama kabla na baada. Ni kama mita 67 za kuzidi. Hizo ni sekunde 24. Katika sekunde hizo wewe umetembea mita 400, na basi linalokuja mbele kwa 80 limetembea zaidi ya mita 530. Unahitaji karibu kilomita nzima ya barabara iliyo wazi unayoiona kwa macho, na kule ambako kuna vilima vidogo vidogo huioni. Na ukivumilia nyuma ya lori hilo kwa kilomita 30 zote, unachopoteza ni dakika 6 tu: dakika 36 badala ya 30. Gari dogo la nyuma lisilazimike kulipita lori kwa kuwa mwenzake amepita. Kila gari liangalie barabara yake, na msafara uache nafasi katikati ili wanaopita wapate pa kuingia.

Nikipanga mimi, msafara ningeufanya mfupi. Kinachotakiwa ni kuingia Voi pamoja kwa vigelegele. Kuondoka Changamwe pamoja hakuna anayekutazama. Basi trela litoke saa kumi na mbili asubuhi peke yake. Litasimama dakika zake 10 za kukagua kamba na kufika Maungu saa mbili na nusu. Matatu nayo itoke saa kumi na mbili, ipitie wazee wake Miritini, itue Mackinnon Road bila kumharakisha mtu, na itafika Maungu saa mbili na dakika 38. Magari madogo yatoke saa moja, saa nzima baadaye, na kwa dakika 100 yatakuwa Maungu saa mbili na dakika 40. Hapo mpeane dakika 10 za kujifuta vumbi na kupanga magari, trela likitangulia au likiwa la pili nyuma ya gari la wazee linaloenda 60. Mkiondoka saa tatu kasoro dakika kumi, kilomita 30 zilizobaki ni nusu saa, na mtaingia mjini saa tatu na dakika ishirini. Aliyetoka mapema zaidi amekuwa njiani masaa matatu na dakika ishirini, na mwenye gari dogo amelala saa moja zaidi.