Kiti cha mtoto kwenye gari lake: niliyojidanganya nayo nilipompenda mume wa mtu

Kwa miezi minane nilirudi nyumbani Syokimau kwa lifti ya mwenzangu wa kazini. Ofisi yetu iko Upper Hill, yeye anakaa Mlolongo, na mimi niko njiani. Tulikuwa wanne garini, tukichangia mafuta. Hakuna aliyeona ubaya, hata mimi mwenyewe.

Nyuma palikuwa na kiti cha mtoto, kimefungwa kwa mkanda, makombo ya biskuti yamejaa kwenye mikunjo ya kitambaa. Kila jioni niliweka mkoba wangu pale. Kilikuwa pahali pazuri pa mkoba.

Nilijua nimezama siku moja wenzetu wawili walipokuwa likizoni. Kawaida tulichanga ada tukapita Expressway. Siku hiyo akashika barabara ya chini, kwenye foleni ya malori kutoka Nyayo hadi Cabanas, na wala hakueleza kwa nini. Saa nzima na nusu tukivuta moshi, nami nikaomba foleni isiishe. Mtu wa Nairobi kuombea jam! Hapo nilipaswa kushtuka, lakini nilichofanya ni kuanza kujitungia maneno. Nayaandika hapa pamoja na nilichokuja kujua baadaye, maana nimeyasikia tena kwa wengine, wanawake na wanaume, karibu neno kwa neno.

Dhana: "Hisia yenye nguvu hivi haiwezi kuwa ya bure. Lazima ni penzi la kweli."

Hii ndiyo iliyonishika zaidi. Nilikuwa nimewahi kupenda, na halijawahi kuniwaka namna hiyo. Nikasema basi huyu ndiye.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Dorothy Tennov, aliichunguza hali hii ya kuzama kwa mtu, na mwaka 1979 akaipa jina la pekee, "limerence", ili isichanganywe na pendo la watu walioishi pamoja wakazoeana. Jambo moja aliloliona ndilo lililonifungua macho: hali hii hulishwa na tumaini lililochanganyika na shaka. Ukijibiwa "ndiyo" iliyo wazi, itatulia polepole. Ukijibiwa "hapana" iliyo wazi, itauma kisha ipoe. Ukiachwa katikati, leo ishara na kesho kimya, ndipo inawaka.

Fikiria mashine za kamari zilizojaa mitaani. Hazimnasi mtu kwa kuwa zinalipa sana. Zinamnasa kwa kuwa hajui zitalipa lini. Sasa mtazame mtu mwenye ndoa: yuko nawe saa kumi na moja jioni, ni mchangamfu, anakuuliza mama ameendeleaje baada ya upasuaji. Ijumaa usiku anapotea. Jumamosi unamtumia kichekesho WhatsApp, tiki zinageuka buluu, hajibu. Jumatatu anakuja na chapati mbili zimefungwa kwa foili, moja yako. Hana haja ya kuwa mjanja ili akuzungushe hivyo, maisha yake ya nyumbani yenyewe yanampangia saa za kuwepo na kutokuwepo. Ile nguvu niliyokuwa nikiipima haikuonyesha tunafaana kiasi gani. Ilionyesha jinsi nisivyojua nisimame wapi.

Tena nilikuwa nikimwona mtu wa saa mbili kwa siku. Sijawahi kumwona akigombania karo, wala akiamka saa nane usiku mtoto ana homa, wala amenuna. Yule mwingine, mke wake, anamjua mzima. Mimi nilipewa sehemu iliyooshwa na kupigwa pasi.

Rafiki yangu mmoja alinipa zoezi nililolidharau. Aliniambia nichukue karatasi, upande mmoja niandike alichofanya au alichosema kwa mdomo wake, upande wa pili niandike nilichodhania. Upande wa kwanza ulikuwa na mistari sita: lifti, chapati, "umependeza" mara mbili, swali kuhusu mama, na ile barabara ya chini. Upande wa pili ulinimalizia ukurasa, nikageuza nyuma.

Dhana: "Wametengana. Kilichobaki ni karatasi tu."

Yeye mwenyewe alilisema, mwezi wa sita hivi, macho yakiwa kwenye taa nyekundu: "Pale nyumbani tunaishi tu kama majirani." Nami nikalimalizia: karatasi tu.

Karatasi yenyewe ina uzito kuliko tunavyodhani. Kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014, ndoa ya kanisani, ya kiserikali na ya Kihindu ni za mke mmoja na mume mmoja. Kulala vyumba tofauti hakuivunji, kuhama nyumba hakuivunji. Huvunjwa na mahakama, au kifo. Aliye ndani yake akifunga ndoa nyingine, hiyo ya pili ni batili, na Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 171, inampa kifungo cha hadi miaka 5. Ndoa ya kimila na ya Kiislamu zinaruhusu mke zaidi ya mmoja, na tangu 2014 sheria haimlazimu mume kupata idhini ya mke wa kwanza. Lakini hata huko mtu huingia kwa mlango wa mbele: kuna wazee, kuna mahari, kuna watu wanaojua. Haingii kwa lifti ya jioni.

Wengine hujipa moyo kwamba wakikaa pamoja miaka mingi watahesabiwa wameoana. Mahakama ya Juu ililigusa hilo Januari 2023, katika kesi ya watu waliokuwa wameishi pamoja miaka mingi na kuzozania kiwanja. Ikasema ndoa ya kudhaniwa ni jambo la nadra, na mojawapo ya masharti yake ni kwamba wote wawili wawe na uwezo wa kisheria wa kuoana. Katika kesi hiyo mwanamke alikuwa bado ana ndoa na mtu mwingine, kwa hiyo ndoa ya kudhaniwa ikakosekana. Mali iligawanywa kwa mchango wa kila mmoja, si kama mke na mume.

Basi mtu akikwambia wametengana, swali ni dogo: kesi ya talaka imefunguliwa? Mwenye kesi anajua ilipofikia, anamjua wakili wake, na analalamikia gharama bila kuulizwa. Asiye nayo atakwambia mambo ni magumu, umpe muda. Wangu alicheka akaongeza sauti ya redio.

Dhana: "Hatujafanya chochote, kwa hiyo hakuna anayeumia."

Ni kweli hatukugusana hata mkono. Lakini jioni moja simu iliita tukiwa Belle Vue, ikajibiwa kwenye spika za gari, na sauti ya mkewe ikajaa pale ndani: "Usisahau maziwa na unga wa uji, na mtoto amekataa kulala anakungoja." Akamwambia yuko foleni mbaya sana. Barabara ilikuwa wazi. Mimi nilikaa kimya, nikishikilia pumzi ili asijue nipo, na ile kushikilia pumzi ndiyo iliyonijibu. Tayari kulikuwa na mtoto aliyekuwa akingoja, na mwanamke aliyedanganywa kuhusu foleni.

Naye alikuwa akijichimbia shimo. Ofisi yetu ina watu arobaini na kikundi cha WhatsApp kisicholala. Mimi je? Kuna kijana alinialika chai mara tatu, mtu huru kabisa, nikamwambia niko bize. Nilikuwa nikilinda nafasi ya mtu ambaye hakuwa ameiomba.

Kama mmeshavuka kutoka hisia hadi kitandani, kuna jambo la haraka kuliko moyo: kapime. Dawa za dharura za kuzuia VVU baada ya kujamiiana huanzwa ndani ya saa 72, si wiki ijayo mkishazungumza. Kenya ililizungumzia hili la mpango wa kando hata kwenye televisheni mwaka 2013, katika tangazo la kuhimiza kondomu, nalo likaondolewa viongozi wa dini walipolalamika.

Dhana: "Kukata ghafla ni ukatili. Tupunguze tu, tubaki marafiki."

Nilijaribu kupunguza kwa wiki tatu. Nikawa napanda siku tatu badala ya tano, na zile tatu zikawa tamu kuliko tano zilivyokuwa. Ukikumbuka ile mashine, utaona kwa nini: nilikuwa nimeongeza shaka.

Kilichofanya kazi kilikuwa kikavu, hata kinachosha kusimulia. Nilimwandikia ujumbe mmoja: "Kuanzia Jumatatu nitakuwa nikitumia treni. Asante kwa lifti za miezi yote hii." Sikueleza sababu. Sababu hujibiwa, na ikijibiwa mnakaa garini mkijadili. Alipopendekeza tuonane tu tuzungumze vizuri nilikataa, kwa kuwa mazungumzo ya kuagana ndiyo matamu kuliko yote. Nikanyamazisha stetasi zake. Kazini nikabaki na salamu na barua pepe za kazi, na mwenzetu mwingine tukimweka kwenye nakala.

Sikumwambia mkewe. Hakukuwa na tendo la kuungama, na nadhani ungamo langu lingekuwa njia nyingine ya kuingia nyumbani kwake. Ningefikiria tofauti kama kungekuwa na jambo linalogusa afya yake.

Niliteleza mara moja. Mvua ya Aprili, treni imechelewa, yeye akasimama kando na kufungua mlango. Nilipanda. Dakika arobaini tu, nikalipa kwa siku kumi za kuamka saa tisa usiku. Baada ya hapo nikanunua mwavuli mkubwa na viatu vya plastiki vya kuacha ofisini, maana kutoka Upper Hill kuteremka hadi stesheni ni karibu nusu saa kwa miguu, na nilikuwa nimejifunza udhaifu wangu uko kwenye hali ya hewa.

Wiki sita za kwanza nilimtafuta kila nilipoona gari la rangi ile. Kisha siku moja treni ilisimama Makadara kupita kawaida, watu wamebanana, mama mmoja akaniomba nimshikie mfuko wa sukuma wiki apate kushika nguzo. Nikaupakata. Tulipofika Imara Daima ndipo niliposhtuka kwamba ilikuwa Jumatatu, na sikuwa nimejiuliza aliamkaje.