Daftari la kukatika kwa intaneti kabla fundi hajafika: dhana potofu na ukweli

Dhana: Fundi akifika atajionea mwenyewe tatizo, kwa hiyo hakuna haja ya kuandika chochote.

Ukweli: Hilo ni kweli kwa laini iliyokatika moja kwa moja, lakini si kweli kwa laini inayokatika na kurudi. Katika mitaa ya Dodoma ambako faiba hupita juu ya nguzo, upepo wa kiangazi huvuma kwa nguvu zaidi mchana na alasiri, ilhali fundi huweza kupangiwa kufika asubuhi, wakati kebo imetulia na kila kitu kinafanya kazi. Atapima, ataona mwanga unaobeba intaneti ndani ya kebo ya faiba unafika vizuri, na atafunga kazi kwa maelezo kwamba hakuna hitilafu. Mteja atabaki na tatizo lile lile, tena safari hii mfumo wa mtoa huduma unaonyesha kwamba limeshashughulikiwa. Daftari lenye tarehe na saa ndilo linaloweza kumwonyesha fundi mambo yaliyotokea wakati yeye hayupo.

Dhana: Inatosha kuandika kwamba tarehe fulani mtandao ulikatika.

Ukweli: Maandishi ya namna hiyo hayamsaidii fundi kwa sababu hayatenganishi mambo matatu ambayo mtumiaji huyaona kama jambo moja: umeme kukatika nyumbani, Wi-Fi kutofika chumbani, na laini yenyewe kukatika. Kila tukio linahitaji saa lilipoanza na lilipoisha, hali ya taa za kifaa cha faiba, hali ya umeme, na jibu la jaribio moja dogo kwenye kompyuta.

Taa mbili ndizo za msingi. Taa ya PON ikiwaka kijani bila kupepesa, kifaa kimeunganishwa na mtambo wa mtoa huduma. Taa ya LOS ikiwaka au kupepesa nyekundu, mwanga kutoka kwa mtoa huduma haufiki kwenye kifaa, na hapo hakuna mpangilio wa ndani ya ruta utakaosaidia. Jaribio la kompyuta ni amri mbili, ya kwanza ikielekezwa kwenye ruta ya nyumbani na ya pili nje ya nyumba:

```
ping 192.168.1.1
ping 8.8.8.8
```

Anwani ya kwanza hutofautiana kati ya kifaa na kifaa, na mara nyingi imeandikwa kwenye kibandiko kilicho chini ya ruta. Ikijibu ya kwanza lakini ya pili isijibu, tatizo liko kati ya ruta na mtandao wa nje. Isipojibu hata ya kwanza, jambo la kuchunguza mwanzo ni Wi-Fi au kompyuta yenyewe.

Kuhusu saa, ni vyema kuandika kwa mfumo wa saa 24. Ukiandika "saa 2 usiku" na mhudumu akaingiza 02:00 kwenye mfumo, atakapotafuta tukio hilo katika kumbukumbu za mtambo hataliona, kwa kuwa lilitokea 20:00, na rekodi yako yote itaonekana haiaminiki.

Tuchukue mfano wa nyumba moja ya Ilazo ambayo daftari lake la wiki moja ya Julai linasomeka hivi:

14/07/2025, 13:42 hadi 13:49. LOS nyekundu, umeme upo, ruta inajibu, nje haijibu. Upepo mkali.

15/07/2025, 06:55 hadi 08:20. Taa zote zimezima. Umeme umekatika mtaani.

16/07/2025, 14:05 hadi 14:31. LOS nyekundu, umeme upo, ruta inajibu, nje haijibu. Upepo mkali. Jirani mwenye mtoa huduma huyo huyo hana tatizo.

17/07/2025, 20:15 hadi 20:40. PON kijani, LOS imezima. Simu ya chumbani haipati mtandao, kompyuta iliyounganishwa kwa waya inapata.

Fundi mzoefu akisoma mistari hii minne ataweka kando wa pili, ambao ni umeme, na wa nne, ambao ni Wi-Fi kushindwa kufika chumbani. Iliyobaki miwili inasema jambo moja: mwanga unapotea wakati wa upepo, na kwa kuwa jirani yuko salama, haielekei kuwa kebo kubwa ya mtaa. Kwa hiyo ataanzia kwenye kebo inayotoka kwenye nguzo kuingia nyumbani, au kwenye kiunganishi chake ndani ya kisanduku cha nguzoni, badala ya kubadilisha ruta ambayo haina kosa. Kipimo chake cha mwanga kinaweza kuonyesha -22 dBm kebo ikiwa imetulia, kiwango ambacho hakina shida. Lakini kebo ikitikiswa na kipimo kikashuka chini ya -27 dBm au kupotea kabisa, hitilafu imepatikana. Bila daftari, hakuna sababu ya yeye kuitikisa kebo hiyo.

Dhana: Mteja akihesabu na saa ambazo umeme ulikatika, malalamiko yatakuwa na uzito zaidi.

Ukweli: Yatapoteza uzito. Vifaa vingi vya faiba, vinapokosa umeme, hutuma ujumbe wa mwisho kwa mtambo kabla ya kuzima, hivyo mtoa huduma anaweza kutofautisha kifaa kilichokosa umeme na kifaa kilichokosa mwanga. Tukio la umeme liandikwe kama tukio la umeme. Mhudumu akilinganisha mistari yako na kumbukumbu zake na kuona inakubaliana, ataiamini pia ile ya LOS.

Dhana: Mtandao ukikatika, kwanza zima ruta na uiwashe tena, kisha ndipo uandike.

Ukweli: Kuwasha upya hufuta ushahidi. Hali ya taa hupotea, na katika ruta nyingi kumbukumbu za ndani nazo hufutika. Zaidi ya hayo, ruta iliyowashwa bila mtandao mara nyingi haijui tarehe na huanza kuhesabu kutoka 1970. Piga picha ya taa kwanza, ukihakikisha saa ya simu ni sahihi, fanya lile jaribio la amri mbili, andika, na baada ya hapo uwashe upya ukitaka. Ukifanya hivyo, andika pia saa uliyowasha na kama huduma ilirudi.

Dhana: Picha ya kipimo cha kasi inatosha kuwa ushahidi.

Ukweli: Kipimo cha kasi kinaeleza kasi ya dakika ile tu, na kikifanywa kwa simu kupitia Wi-Fi kinapima pia umbali na kuta zilizopo kati ya simu na ruta. Laini inayokatika kila alasiri inaweza kuonyesha kasi nzuri kabisa asubuhi.

Dhana: Daftari ni la kumkabidhi fundi mlangoni.

Ukweli: Likifika mlangoni limechelewa, kwa sababu fundi ameshapangiwa saa na vifaa. Litume huduma kwa wateja unapoomba fundi, omba namba ya malalamiko, uiandike juu ya daftari, na uombe ziara ipangwe katika saa ambazo tatizo hujitokeza. Namba hiyo itahitajika pia endapo shauri halitatatuliwa na ukalazimika kulifikisha TCRA, ambayo hutaka mteja awe ameanza kwa mtoa huduma wake. Daftari lenyewe lina mpaka: linaonyesha lini na katika hali gani laini ilikatika, lakini mahali hasa palipoharibika hupatikana kwa kipimo cha fundi tu.

Baada ya matengenezo endelea kuandika mpaka zipite alasiri kadhaa za upepo kama ule wa awali. LOS ikiwaka nyekundu tena, peleka mistari mipya kwa namba ile ile ya malalamiko, ili fundi wa pili asome kazi ya mwenzake badala ya kuanza upya.